Notisi ya siku 14: uchambuzi wa kisa cha mtaa mmoja wa ufukweni Mwanza

Notisi yenyewe ilikuwa na mistari saba. Ilianza na "Kwa mvamizi wa eneo la hifadhi ya ziwa", ikamtaka huyo mvamizi abomoe jengo lake kwa gharama zake ndani ya siku 14, na mwisho ikaonya kwamba muda ukipita halmashauri itabomoa na kumdai gharama za kijiko. Jina la mtu halikuwemo, wala namba ya nyumba. Sheria ilitajwa kwa maneno mawili tu: "mita 60". Vijana wa halmashauri waliibandika milangoni Ijumaa alasiri, wakachora X nyekundu ukutani, wakaondoka.

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia katika migogoro ya aina hii pembezoni mwa Ziwa Viktoria, kwa hiyo msomaji asiutafute mtaa huu kwenye ramani. Sheria na muda unaotajwa ni wa kweli. Mtaa, watu na viwango vya fedha ni vya mfano.

Anayeijua Mwanza anajua kwamba ardhi tambarare ni haba. Waliotangulia walishika ufukwe kwa ajili ya mwalo, waliofuata wakapanda kwenye mawe. Mtaa wetu una safu nne za nyumba kati ya maji na jabali. Safu ya kwanza ni chanja za kuanikia dagaa na nyumba mbili kuukuu. Ya pili ni familia za wavuvi ambazo wazee wao walifika kabla hata ya umeme. Ya tatu na ya nne ni watu walionunua kwa hati za mauziano zilizogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na wachache kati yao waliingizwa kwenye zoezi la urasimishaji wa makazi, wakapewa namba za viwanja kwenye mchoro wa mipango miji, ingawa hati hazijatoka.

Jioni ile watu walikusanyika kwa mwenyekiti wa mtaa, na swali likawa moja: tutalipwa shilingi ngapi? Swali ni halali, ila halina jibu mpaka lijibiwe jingine kwanza. Tunaondolewa kwa sheria ipi? Sheria inayotumika ndiyo inayopanga muda wa notisi, ndiyo inayoamua kama kuna fidia, na ndiyo inayoonyesha mlango wa mahakama wa kubisha. Notisi isiyotaja sheria inamnyima mwananchi vyote vitatu kwa mpigo, na sidhani kama kila mara ni kwa bahati mbaya.

Hapa palikuwa na njia tatu ambazo halmashauri ingeweza kuzitumia. Ya kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, au ukingo wa mto. Ya pili ni sheria za mipango miji, kwa mtu aliyejenga bila kibali. Ya tatu ni Sheria ya Utwaaji Ardhi, Sura 118, ya mwaka 1967, ambayo serikali huitumia inapohitaji ardhi kwa manufaa ya umma. Notisi ilijificha kwenye ya kwanza. Kilichokuwa kinaendelea ni cha tatu, na hilo lilijulikana kupitia diwani.

Diwani alikuja na muhtasari wa kikao cha Baraza la Madiwani cha miezi mitano nyuma. Kulikuwa na kifungu cha bajeti kwa ajili ya mwalo wa kisasa na soko la samaki, na mchoro wake ulianzia majini ukapanda hadi miguuni mwa jabali, ukizifunika safu zote nne. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wanaondolewa kupisha mradi. Mita 60 zilikuwa kisingizio cha kuwaondoa bila kuwalipa, na hata hizo mita zenyewe hazikuzifikia nyumba zote zilizochorwa X.

Tofauti ya muda peke yake inatosha kuonyesha kwa nini halmashauri haikuitaja Sura 118. Chini ya sheria hiyo, Rais akishaamua kwamba ardhi inahitajika kwa manufaa ya umma, waziri anatakiwa kuwapa wenye maslahi taarifa ya kusudio, taarifa hiyo itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na muda wa kuachia ardhi usipungue wiki 6 tangu tarehe ya tangazo hilo, isipokuwa Rais athibitishe kwamba kuna uharaka. Mkurugenzi wa halmashauri hana mamlaka hayo. Anaweza kuomba ardhi itwaliwe, hawezi kuitwaa yeye kwa karatasi ya mistari saba na kopo la rangi.

Na kuhusu rangi, niseme jambo, kwa sababu watu wengi wanaamini X nyekundu ina nguvu ya sheria popote ilipo. Imani hiyo imetoka barabarani. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zilipopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, X nyekundu iliwekwa kwa waliokuwa ndani ya hifadhi ya zamani, ambao hawakustahili fidia, na ya kijani kwa waliokumbwa na upanuzi, ambao walistahili. Ufukweni X haina maana hiyo. Ni alama ya mpimaji tu.

Jumamosi asubuhi tulipima. Vijana wawili walichukua tepu ya mita 50, mmoja akasimama penye magugumaji maji yanapoishia, mwingine akapanda nayo moja kwa moja bila kufuata kichochoro, maana kichochoro kinapinda na kupinda kunaongeza mita. Tukaweka kigingi kwenye mita 50, tukaongeza 10, tukaweka kingine. Kigingi cha pili kiliangukia katikati ya safu ya pili. Safu ya tatu na ya nne zilikuwa nje kabisa ya mita 60, nyingine kwa zaidi ya mita 30. Nyumba hizo nazo zilikuwa na X.

Ndipo mzee wa safu ya pili akaleta hoja iliyobadilisha shauri zima. Alitupeleka majini, akatuonyesha mawe yaliyokuwa chini ya maji kina cha magoti. "Hapa ndipo nilipokuwa nafunga mtumbwi wangu," alisema. "Ziwa limenifuata mimi, mimi sijalifuata ziwa." Mwaka 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda hadi kuvuka kiwango cha juu kilichokuwa kimeandikwa mwaka 1964, na fukwe nyingi za miteremko laini zilimezwa. Tulipopima kutoka kwenye yale mawe, nyumba yake ilikuwa mita 71. Kutoka ukingo wa maji wa siku ile, ilikuwa mita 52.

Je, sheria inahama na maji? Upande wa halmashauri unaweza kusema ndiyo, kwa sababu shabaha ya mita 60 ni kulinda ufukwe uliopo, si uliokuwepo. Hoja hiyo ina uzito na wakili asiidharau. Lakini ikikubalika, lazima ikubaliwe na matokeo yake: mtu aliyejenga nje ya mita 60 na akajikuta ndani kwa sababu ziwa limepanda hakuvunja sheria yoyote siku alipojenga. Huwezi kumwita mvamizi. Na kama si mvamizi, kumwondoa ni kumnyang'anya mali, na kunyang'anya mali kuna masharti yake kwenye Katiba. Ndiyo maana notisi ya mita 60 isiyosema zimepimwa kutoka wapi, lini na nani, ni notisi ambayo mtu hawezi kuijibu, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuipinga.

Baada ya vigingi, mtaa uligawanyika makundi matatu, na hapo palikuwa pagumu kisiasa kuliko kisheria. Watu walitaka wasimame kama kitu kimoja. Wakili alilazimika kuwaambia kwamba haki zao hazilingani.

Kundi la nje ya mita 60 lilikuwa na hoja nyepesi kuliko yote. Sheria ya Ardhi, Sura 113, kifungu cha 3, inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka kwa mtu yeyote ambaye haki yake ya kumiliki, au ukaaji wake wa muda mrefu unaotambuliwa, au matumizi yake ya ardhi kimila, vimeingiliwa na serikali kwa hasara yake. Maneno "ukaaji wa muda mrefu unaotambuliwa" ndiyo ngao ya makazi holela. Sheria haikusema lazima uwe na hati. Ilisema lazima ukaaji wako uwe wa muda mrefu na uwe umetambuliwa, na kazi inayobaki ni kuthibitisha nani aliutambua.

Kundi la pili ni waliokuwa ndani ya mita 60 tangu zamani, pamoja na yule mzee ambaye ziwa lilimfuata. Hawa nao wana hoja, ila inahitaji kubebwa. Mwaka 1994, katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, Mahakama ya Rufani ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuondolewa bila fidia inayostahili. Katazo la mita 60 linazuia shughuli. Halisemi kwamba aliyekuwepo kabla yake amepoteza mali yake bure. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ardhi kifungu cha 7 inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ziwa kuwa miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi, na inaweka utaratibu wa kuitangaza wenye taarifa kwa wahusika na nafasi ya wao kutoa maoni. Mtaani hapa utaratibu huo haukuwahi kufanyika.

Kundi la tatu ni waliojenga ndani ya mita 60 baada ya sheria ya 2004, na ziwa halikuwasogelea. Vibanda vingi vya safu ya kwanza vilikuwa hivyo. Hapo sioni fidia ya ardhi. Wanachostahili ni haki ya kusikilizwa, ambayo ibara ya 13(6)(a) ya Katiba haimbagui aliyekosea, na muda wa kutosha wa kuhamisha mali zao. Kuwaambia vinginevyo ili mkutano uishe kwa makofi ni kuwauza.

Wapangaji, ambao kwa idadi walikuwa karibu sawa na wenye nyumba, hawakutajwa na mtu yeyote kwa siku nne za kwanza.

Kuhusu ushahidi wa kutambuliwa, mama mmoja wa safu ya tatu, muuza dagaa, alikuwa amesimama na simu mkononi. "Wakili, mimi ni mvamizi gani ambaye serikali inanikata kodi ya jengo kila nikinunua umeme?" Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Tangu Julai 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU, na mwanzoni ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ujumbe wa LUKU unaonyesha makato hayo pamoja na namba ya mita. Ukiuambatanisha na bili ya maji yenye jina lako, hati ya mauziano yenye muhuri wa mtaa, na barua ya urasimishaji yenye namba ya kiwanja, unakuwa na serikali nne zilizokutambua kwa nyakati tofauti: ya kodi, ya maji, ya mtaa na ya mipango miji. Inakuwa vigumu kwa ya tano kusema haikujui. Picha za zamani za satelaiti nazo zinasaidia sana, kwa sababu zina tarehe na zinaonyesha bati la nyumba na ukingo wa maji kwa pamoja.

Sasa fedha, kwa nyumba ya mama huyu iliyo nje ya mita 60. Kanuni za fidia za 2001, Tangazo la Serikali Na. 78, zinataka thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, kisha posho juu yake. Tuseme mthamini amekuta ardhi na nyumba vina thamani ya shilingi 20,000,000. Posho ya usumbufu ni thamani hiyo mara wastani wa riba inayotolewa na benki za biashara kwa amana za miezi 12. Kwa riba ya asilimia 6 ni shilingi 1,200,000. Posho ya malazi ni kodi ya soko ya nyumba kama ile kwa miezi 36. Kwa kodi ya shilingi 60,000 ni 2,160,000. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, tuseme 240,000. Jumla ni shilingi 23,600,000.

Angalia kilichokosekana. Mama anauza dagaa pale pale barazani, na kanuni zinaruhusu fidia ya kupotea kwa faida, ambayo ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Kwake hiyo ingeweza kuzidi posho nyingine zote kwa pamoja. Lakini kanuni zinataka hesabu zilizokaguliwa, na yeye ana daftari la mistari lenye majina ya wanaodaiwa. Hapa ndipo watu wa makazi holela wanapoteza zaidi, na sijaona njia safi ya kulizunguka. Kinachowezekana ni kusisitiza biashara iandikwe kwenye fomu ya uthamini siku mthamini anapofika, hata kama kiasi kitabishaniwa baadaye. Kisichoandikwa siku hiyo hakifufuki.

Siku ya uthamini ina hatari zake. Mwenye nyumba hupigwa picha mbele ya jengo akiwa ameshika kibao cha namba, kisha anasaini fomu. Wengi husaini fomu ambayo sehemu ya maelezo ya jengo haijajazwa, wakiambiwa itajazwa ofisini. Choo cha nje, kisima, ukuta wa mawe, miembe, vyote hupotelea hapo. Usisaini mpaka umeona kila kitu kimeandikwa, na upige picha ya fomu kwa simu yako. Chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa na Mthamini Mkuu. Ikichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka 2 bila malipo, uthamini unakufa na lazima ufanywe upya.

Turudi kwenye siku 14, maana saa ilikuwa inakwenda. Jumatatu wananchi walipeleka barua kwa mkurugenzi wakiuliza mambo manne: sheria iliyotumika, mchoro wa vipimo, nani aliamua, na lini walisikilizwa. Nakala ilikwenda kwa mkuu wa wilaya na kwa kamishna msaidizi wa ardhi wa mkoa. Barua ilipokelewa kwa kusainiwa kwenye kitabu cha dispachi. Naomba msomaji asipuuze kitabu hicho. Miezi kadhaa baadaye, wakili wa serikali aliposema wateja wake hawakuwahi kuulizwa lolote, ukurasa wa dispachi ndio uliomnyamazisha.

Baadhi ya wakazi walikuwa tayari wamekimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa sababu ndilo linalojulikana. Ni kosa la kawaida na linagharimu wiki. Tangu marekebisho ya 2020, halmashauri zinahesabiwa kuwa sehemu ya serikali kwa ajili ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura 5. Maana yake ni kwamba lazima utoe notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki kwa halmashauri, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Usipomuunganisha, shauri lote linaanguka.

Hapo pana mtego unaoonekana kwa jicho. Wao wamekupa siku 14, wewe unatakiwa uwape 90. Ukizisubiri, utashtaki ukiwa umekaa juu ya kifusi. Pengo hili limezibwa na mahakama zenyewe kupitia maombi ya Mareva, yaliyopewa jina kutokana na kesi ya Uingereza ya 1975. Mahakama Kuu, kwa kutumia kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura 358, inaweza kuamuru hali ibaki kama ilivyo wakati notisi ya siku 90 inaendelea. Maombi hupelekwa kwa hati ya dharura, yakiwa na hati ya kiapo, na notisi ya siku 90 iliyokwisha kupokelewa ikiwa kiambatanisho. Bila notisi hiyo hakuna Mareva, kwa hiyo notisi ndiyo ya kwanza kuandikwa, hata kabla ya barua kuisha kujibiwa.

Mawakili wa serikali watapinga kwamba Sura 5 hairuhusu zuio dhidi ya serikali, ila tamko la haki tu. Pingamizi hilo lipo kwenye sheria, na wakili aje na jibu lake: kwamba hakuna kesi ya msingi bado, na kinachoombwa ni kuhifadhi kitu kinachobishaniwa kisipotee kabla ya mahakama kukifikia. Kisha vinabaki vigezo vitatu vinavyotumika nchini tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969: kuwepo kwa hoja nzito ya kusikilizwa, hasara isiyoweza kufidiwa, na upande upi utaumia zaidi. Kwenye kigezo cha pili wengi huandika "tutapata hasara kubwa" na kuishia hapo. Hati ya kiapo ya mtaa huu ilisema nani amelala kitandani mgonjwa ndani ya nyumba ipi, watoto wangapi wana mitihani mwezi ule, na vigingi vya vipimo vitapotea kijiko kikipita. Hilo la vigingi ndilo lililobeba uzito, kwa sababu ushahidi ukifukiwa hakuna fedha inayourudisha.

Palikuwa na mlango mwingine, wa mapitio ya mahakama, yaani kuiomba Mahakama Kuu iifute notisi kwa kuwa ilitolewa bila mamlaka na bila kusikiliza watu. Huo hauhitaji siku 90, lakini una ukomo wa miezi 6 tangu uamuzi, unaanza na kuomba ruhusa, na hautoi fidia. Wakazi wa nje ya mita 60, ambao shida yao ilikuwa notisi yenyewe, wangeweza kuutumia. Waliamua kubaki na wenzao kwenye Mareva, uamuzi ambao ningewashauri wasiufanye.

Jambo jingine lililokaribia kuvuruga ni orodha. Kesi ya watu wengi inahitaji ruhusa ya uwakilishi chini ya Amri ya 1 kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Mahakama inataka kuona majina, saini, na muhtasari wa mkutano uliowachagua wawakilishi. Orodha ya kwanza ilikuwa na saini za watu wawili waliokuwa Ukerewe siku ya mkutano. Iliandikwa upya usiku ule kwa taa ya simu, nyumba kwa nyumba.

Amri ya kuacha hali kama ilivyo ilitoka siku ya 12. Siku ya 15 kijiko kilifika saa kumi na moja alfajiri kikiwa na mgambo, kikakuta nakala ya amri imebandikwa juu ya kila X. Msimamizi akaisoma, akapiga simu, kijiko kikageuka. Nyumba moja ya safu ya kwanza ilikuwa imeshapoteza ukuta. Saa yenyewe ina neno lake: Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, kwenye Maoni ya Jumla Na. 7 ya 1997, inasema watu wasiondolewe usiku au wakati wa hali mbaya ya hewa bila ridhaa yao, na Tanzania imo kwenye mkataba huo tangu 1976. Peke yake hoja hii haishindi kesi Mwanza, lakini jaji anapopima mwenendo wa halmashauri, inaongeza uzito.

Aliyebomolewa ukuta alikuwa na hesabu yake tofauti ya muda. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura 89, inatoa mwaka 1 tu kwa dai la fidia ya kitendo kinachodaiwa kufanyika kwa kufuata sheria iliyoandikwa. Ndani ya mwaka huo lazima uingize siku 90 za notisi. Watu hungoja wakiahidiwa kikao, kikao kinaahirishwa, na mwezi wa 13 wanaambiwa dai limepitwa na wakati. Kwake tulihesabu kutoka asubuhi ile ile.

Siku 90 zilipokwisha, kesi ya msingi ilifunguliwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu uhai wa amri ya Mareva hauvuki notisi iliyouzaa. Kabla ya kusikilizwa, halmashauri ilirudi mezani. Notisi ya mistari saba iliondolewa. Mchakato wa Sura 118 ukaanza kwa ajili ya safu ya tatu na ya nne, na mthamini akafika. Kundi la vibanda lilipewa miezi 3 ya kuhama na eneo la muda la kuanikia dagaa, bila fidia. Tathmini ya athari kwa mazingira ya soko ilitakiwa iwasikilize wakazi, na ndani yake likaulizwa swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu la haraka: soko la zege litakaa vipi ndani ya zile zile mita 60?

Safu ya pili haikukubaliana. Halmashauri ilitaka kulipa nyumba bila ardhi, ikipima kutoka ukingo wa maji wa leo. Mzee alikataa, na jaji ameagiza mpimaji wa serikali apime kutoka sehemu zote mbili, penye maji ya sasa na penye mawe ya mwalo wa zamani, huku pande zote zikiwepo. Yule mama wa dagaa uthamini wake umeidhinishwa na miezi 6 imepita bila malipo. Notisi ya kudai riba imeshapokelewa kwa dispachi.